Anayejikopesha Mwenyewe Analipa Kodi Kidogo: Tuzungumze Kuhusu Riba

Makamanda, kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma tunabishana wiki nzima juu ya bia, soda, mafuta na miamala ya simu. Ni sawa, maana hivyo vinatugusa mfukoni siku hiyohiyo. Lakini kuna kifungu kimoja kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ambacho sijawahi kusikia kikizungumzwa kijiweni, na hata bungeni kinapita kimyakimya. Ni kifungu cha 12, kinachohusu riba. Mimi kazi yangu ni hesabu za makampuni, na nakwambia kifungu hiki kina pesa nyingi kuliko ushuru wa soda tunaopigia kelele.

Nianze kwa kuondoa utata. Nikisema deni hapa sizungumzii deni la taifa. Hilo tumeliandika sana na tutaendelea kuliandika. Leo nazungumzia deni la kampuni, yaani namna kampuni inavyopata pesa ya kuanzishia biashara, na kwa nini sheria ya kodi inaisukuma ikope badala ya kuuza hisa.

Kampuni ikitaka pesa ina njia mbili. Inaweza kuwaita watu wakaweka mtaji, wakawa wanahisa, na faida ikipatikana wakagawana gawio. Au inaweza kukopa na kulipa riba. Kwa mtu wa kawaida tofauti ni moja tu, kwamba mwanahisa anakula ukipata na mkopeshaji anakula upate usipate. Kwa sheria ya kodi kuna tofauti nyingine kubwa. Riba inahesabiwa kama gharama, sawa na mshahara au dizeli ya jenereta, kwa hiyo inatolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Gawio halihesabiwi kama gharama. Linalipwa kutokana na kile kilichobaki baada ya kodi.

Tuchukue shilingi mia moja ambayo kampuni imeipata kwa jasho. Ikitoka kama gawio, kwanza inakatwa kodi ya kampuni asilimia 30, zinabaki 70. Kisha gawio lenyewe linakatwa kodi ya zuio asilimia 10, yaani shilingi 7. Mwenye mtaji anapata 63, Serikali 37. Shilingi mia hiyohiyo ikitoka kama riba, kodi ya kampuni haiigusi. Inakatwa kodi ya zuio asilimia 10 tu. Mwenye pesa anapata 90, Serikali 10. Shilingi ni ileile, mashine zilizoitafuta ni zilezile na vibarua ni walewale. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa kwenye karatasi.

Sasa tuone kwa ukubwa wa kiwanda. Tuseme kuna viwanda viwili vya kukamua mafuta ya alizeti Singida, kimoja upande huu wa barabara na kingine upande wa pili. Ni mfano wa kubuni, lakini viwango vya kodi ni vya kweli. Kila kimoja kimegharimu shilingi bilioni 10, na kila kimoja kinapata faida ya shilingi bilioni 2 kwa mwaka kabla ya riba na kodi.

Kiwanda cha kwanza kimejengwa na wakulima na wafanyabiashara wa pale waliochanga bilioni 10 zote kama hisa. Faida yao ya bilioni 2 inakatwa kodi ya milioni 600. Zinabaki milioni 1,400, na wakigawana zote wanakatwa zuio la milioni 140. Jumla wamelipa milioni 740.

Kiwanda cha pili ni mali ya kampuni kubwa ya nje. Kampuni mama imeleta bilioni 3 kama hisa, na bilioni 7 zilizobaki zimeletwa na kampuni dada iliyoko nchi nyingine, kwa jina la mkopo wa riba ya asilimia 12. Riba kwa mwaka ni milioni 840. Faida ya kutozwa kodi inashuka kutoka milioni 2,000 hadi 1,160, na kodi yake ni milioni 348. Jumlisha zuio la riba milioni 84 na zuio la gawio milioni 81 na ushee. Jumla wamelipa kama milioni 513.

Tofauti ni kama milioni 227, kila mwaka. Na wa pili hajakwepa kodi hata senti moja. Hakuna risiti ya kughushi wala kontena lililopitishwa usiku. Amefuata sheria mstari kwa mstari. Ndiyo maana jambo hili linaniudhi kuliko ufisadi wa kawaida, kwa sababu hakuna wa kumkamata.

Utaniuliza, basi kwa nini sheria imeandikwa hivyo? Jibu la wahasibu ni kwamba mkopeshaji ni mtu wa nje ya biashara, ana mkataba, lazima alipwe, kwa hiyo malipo yake ni gharama. Mwanahisa ndiye biashara yenyewe. Hoja hii ina uzito mkopeshaji akiwa mtu wa nje kweli. Kiwanda kikikopa benki ya Dar es Salaam, ile riba inayotolewa kama gharama kiwandani inakwenda kuwa mapato ya benki, na benki inalipa kodi asilimia 30 juu ya faida yake. Kilichotoka mlango mmoja kinaingia mlango mwingine, angalau sehemu yake. Hazina haijapoteza sana.

Shida inaanza pale mkopeshaji anapokuwa nje ya nchi na ni ndugu wa mkopaji. Hapo riba ikishavuka mpaka tumemalizana nayo, isipokuwa ile asilimia 10 ya zuio. Kule inakokwenda huenda inatozwa kodi ndogo au haitozwi kabisa. Na huyo mkopeshaji si mtu wa nje kwa maana yoyote ya kweli. Ni mfuko wa kulia unaoukopesha mfuko wa kushoto wa suruali ileile.

Historia nayo inafundisha kitu. Marekani walipoanza kutoza kodi makampuni mwaka 1909, waliruhusu riba itolewe kama gharama, ila tu kwa mkopo usiozidi mtaji uliolipwa. Waliliona tatizo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1918 wakaondoa kikomo hicho kwa sababu ya vita, maana kulikuwa na kodi nzito juu ya faida ya ziada na makampuni yenye madeni yalikuwa yanaumia. Kodi ya faida ya ziada ikafutwa mwaka 1921. Ruhusa ya riba ikabaki. Kilichokusudiwa kuwa nafuu ya muda kikawa kanuni, na nchi nyingi zinaendesha kodi zao hivyo mpaka leo.

Nirudi kwetu. Sheria yetu si kipofu kabisa. Kifungu cha 12 kinaweka kikomo cha 7 kwa 3. Kampuni ambayo asilimia 25 au zaidi ya umiliki wake iko mikononi mwa wageni au taasisi zisizotozwa kodi, ikiwa na mkopo unaozidi shilingi 7 kwa kila shilingi 3 za mtaji, riba ya ile ziada haikubaliwi kama gharama. Na mkopo wa benki ya hapa nchini hauhesabiwi kwenye kikomo hicho, kwa sababu ile niliyoieleza, kwamba benki yenyewe inatozwa kodi.

Sasa tazama tena kiwanda cha pili. Bilioni 3 hisa, bilioni 7 mkopo. Sikuchagua namba hizo kwa bahati mbaya. Kikomo kinageuka kuwa maelekezo. Mshauri wa kodi akiketi na mteja wake wa nje, jambo la kwanza analomwambia ni kwamba usilete mtaji zaidi ya asilimia 30 kwa sababu utakuwa unachoma pesa zako. Sheria iliyotungwa kuzuia imekuwa ndiyo ramani.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Kikomo cha 7 kwa 3 kinapima ukubwa wa mkopo, hakipimi kiwango cha riba. Mkopo wetu wa bilioni 7 ukiandikwa riba ya asilimia 18 badala ya 12, riba inakuwa milioni 1,260 na kodi ya kampuni inashuka kutoka milioni 348 hadi 222. Uwiano bado ni 7 kwa 3 na kifungu hakijavunjwa. Wakala wa kodi atakwambia kuna kanuni za bei kati ya makampuni yenye uhusiano, zinazotaka riba iwe ile ambayo mtu baki angetoza. Zipo kweli. Lakini nani anajua mtu baki angekitoza kiwanda cha alizeti cha Singida riba ya asilimia ngapi kwa mkopo wa dola wa miaka 10 usio na dhamana? TRA italeta mtaalamu wake aseme 9, kampuni italeta wake aseme 17, na kesi itakaa miaka.

Hili si la kufikirika. Australia walipigana na Chevron kwa jambo hilihili. Kampuni ya Chevron ya Australia mwaka 2003 ilianza kukopa kutoka kampuni tanzu yake yenyewe iliyofunguliwa Marekani, mkopo wa thamani ya dola bilioni 2.5 za Kimarekani. Ile tanzu ilizipata pesa sokoni kwa riba ya kama asilimia 1.2, kwa mgongo wa dhamana ya kampuni mama. Kisha ikazikopesha Australia kwa riba ya kama asilimia 9. Riba kubwa ikapunguza kodi ya Australia, na faida iliyobaki kwa tanzu ikarudi Australia kama gawio lisilotozwa kodi. Mahakama iliipa Serikali ushindi, lakini hukumu ya rufaa ilitoka Aprili 2017, miaka kumi na minne baada ya mkopo kuanza. Na hiyo ni Australia, yenye wanasheria na wachumi wa kodi wa kujaza ukumbi. Sisi tuna maofisa wachache wanaoziweza kesi za namna hii, na wakishapata uzoefu, makampuni ya ushauri yanawachukua kwa mshahara mara tatu. Siwalaumu.

Kuna mtu atasema, mbona mkopo ni mkopo na hisa ni hisa, karatasi zipo? Nimkumbushe IPTL. Wengi tunaikumbuka kwa akaunti ya Escrow na yale ya mwaka 2014, lakini mgogoro wa kisheria kati yake na TANESCO ulikuwa na swali moja kavu ndani yake, nalo ni kama pesa iliyoletwa na mwanahisa kama mkopo inaweza kuhesabiwa kuwa mtaji. Bei ya umeme ilipangwa kwa kudhani asilimia 30 ya mradi ni mtaji, na mtaji huo uliahidiwa faida ya asilimia 22.31 kwa mwaka. Hisa zilizolipiwa hasa zilikuwa za pesa ya kununulia chakula cha mchana. Februari 2014 baraza la usuluhishi wa uwekezaji lililo chini ya Benki ya Dunia lilisema mkopo wa mwanahisa si mtaji, na bei ikokotolewe upya. Hilo lilikuwa suala la bei ya umeme, si la kodi. Nalileta kwa sababu linaonyesha jinsi jina linavyoweza kufuata maslahi. Palipo na faida ya kuiita pesa mtaji, inaitwa mtaji. Kwenye kodi faida iko upande wa pili, basi inaitwa mkopo.

Unaujuaje mkopo ambao ni hisa iliyovaa koti? Mimi nikipewa hesabu za kampuni naanza na maelezo ya miamala na wahusika wenye uhusiano, yale ya nyuma kabisa ambayo watu hawayasomi. Natafuta tarehe ya kurejesha. Kama hakuna, au inasogezwa mbele kila inapokaribia, hiyo ni dalili. Natafuta dhamana, maana hakuna benki itakayokupa bilioni 7 bila kushika hati ya kiwanja. Naangalia kama riba inalipwa kweli au inaandikwa tu ikirundikana mwaka hadi mwaka. Mkopeshaji wa kweli ukikaa miaka mitatu hujamlipa anakuja na dalali. Mzazi anayemkopesha mwanawe haleti dalali.

Hapo ndipo naona dhuluma yenyewe ilipo. Mwaka mbaya ukija, alizeti ikakosa mvua na faida ikashuka hadi milioni 700, kiwanda cha wakulima kinalipa kodi ya milioni 210, hakigawi gawio, na kinasubiri msimu ujao. Kiwanda cha pili kinadaiwa riba ya milioni 840 kwa faida ya milioni 700, kwa hiyo kwenye karatasi kimepata hasara na hakilipi kodi ya kampuni kabisa. Lakini hakifilisiki, kwa sababu anayekidai ni mwenyewe. Ukimchukua Mtanzania aliyekopa benki kwa uwiano uleule, mwaka huo ndio nyumba yake inapigwa mnada. Mwenye kampuni dada anapata nafuu ya deni bila hatari ya deni. Mtanzania mwenye benki anapata vyote viwili. Na aliyechanga hisa hapati nafuu yoyote, wakati mtaji wake ndio unaovumilia ukame bila kumfukuza mfanyakazi.

Tufanyeje? Kufuta ruhusa ya riba moja kwa moja sikubaliani nako. Kungeua wafanyabiashara wetu walioko benki, na mabenki yetu yanatoza riba ya kutosha tayari.

Njia ya pili ni kuipa hisa nafuu kama ya riba, yaani kampuni iruhusiwe kutoa asilimia fulani ya mtaji wake kama gharama. Ubelgiji walifanya hivyo kuanzia 2006. Kwenye karatasi ni haki tupu. Kilichotokea ni kwamba makampuni makubwa ya kimataifa yalirundika mitaji Ubelgiji, yakachukua nafuu ya mtaji pale, kisha yakaikopesha pesa hiyohiyo kwa ndugu zao nchi nyingine na kuchukua nafuu ya riba huko. Nafuu mbili kwa pesa moja. Serikali ikaibana kidogokidogo mpaka ikaifuta mwaka 2023. Kwetu, Hazina isingemaliza miaka mitatu.

Njia ya tatu wameichukua majirani. Uganda tangu 2018 na Kenya tangu Januari 2022 hawapimi ukubwa wa mkopo. Wanasema riba inayokubaliwa isizidi asilimia 30 ya faida iliyopatikana kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mitambo. Tukijaribu kwenye kiwanda chetu cha pili, tuseme uchakavu ni milioni 500, faida ya kupimia ni milioni 2,500, na kikomo ni milioni 750. Kwa riba ya asilimia 12 kodi inapanda kutoka milioni 348 hadi 375. Milioni 27 tu, utasema haina maana. Lakini jaribu ile riba ya asilimia 18. Kwa sheria yetu kodi ilishuka hadi 222. Kwa kikomo cha majirani inabaki 375, kwa sababu andika riba utakayo, 750 haisogei. TRA haihitaji kubishana na mtaalamu wa London juu ya riba ya haki ya Singida. Hapo ndipo faida yake ilipo.

Ina ubaya wake, na tusiufiche. Kikomo hiki kinabana zaidi mwaka mbaya kuliko mwaka mzuri. Kwenye ule mwaka wa ukame, faida ya kupimia ni milioni 1,200, riba inayokubaliwa ni 360, na kampuni iliyopata hasara kwenye vitabu inalipa kodi ya milioni 102. Kwa mwenye kampuni dada silii. Kwa Mtanzania aliyekopa benki ni kumkanyaga aliyekwisha kuanguka. Kwa hiyo dawa hii isinakiliwe kichwakichwa. Mkopo wa benki ya ndani ubaki nje ya kikomo kama ulivyo sasa, na riba iliyokataliwa mwaka mbaya iruhusiwe kutumika miaka michache inayofuata faida ikirudi.

Ninachowaomba wabunge wetu kwa Muswada wa Fedha ujao ni marekebisho mawili kwenye kifungu cha 12. La kwanza, kikomo cha 7 kwa 3 kibaki, na juu yake kiongezwe kikomo cha asilimia 30 ya faida kwa riba inayolipwa kwa ndugu wa kampuni walioko nje. Kinachokuwa kidogo kati ya viwili ndicho kitumike. La pili, Waziri alazimishwe kuleta bungeni kila mwaka jumla ya riba iliyotolewa kama gharama na makampuni yanayomilikiwa na wageni, ikigawanywa kati ya iliyolipwa kwa benki na iliyolipwa kwa ndugu. Fomu za ritani zinazojazwa TRA kila mwaka zina taarifa za riba. Mtu akae azijumlishe.